Picha peke yake haileti kazi: eleza na kisa chake

Wakuu, leo naongea na wapiga picha na wachora ramani za nyumba wenye tovuti. Mimi nina studio na steshenari hapa Issuna, na tovuti za wateja natengeneza mwenyewe. Ninachokiona ni hiki: mtu anapanga picha sitini, mteja anapitia, anasema "nzuri", halafu anaondoka. Zile picha hazijamwambia kama utaiweza kazi YAKE.

Chagua kazi tano au sita tu. Kila moja ipe ukurasa wake na ueleze mambo matatu: shida ilikuwa nini, ulifanyaje, ikatokea nini.

Mfano mzuri ni wa Francis Kéré, msanifu majengo mzaliwa wa Burkina Faso aliyepata tuzo ya Pritzker mwaka 2022. Ofisi yake ndiyo iliyosanifu chuo cha Startup Lions kule Turkana, Kenya, kilichokamilika 2021. Ukiangalia picha tu, unaona minara mirefu na unadhani ni urembo. Sasa sikia kisa. Turkana kuna joto na vumbi, na pale ndani kuna kompyuta. Minara ile imeiga vichuguu vya mchwa: hewa ya moto inapanda na kutokea juu, hewa safi inaingia kwa matundu ya chini. Picha ni ileile, ila sasa unajua kwa nini umlipe mtu huyu.

Kwa mpiga picha wa huku kwetu inaweza kuwa hivi:

"Sendofu ya nje, saa 2 usiku. Shida: taa za bluu, sura zote zinatoka bluu. Nilimwomba MC taa nyeupe wakati wa keki, na flashi nikaielekeza juu kwenye turubai jeupe ili mwanga urudi laini. Picha 120 zilikabidhiwa siku ya nne."

Hapo weka picha tatu tu. Mwenye sherehe ya usiku akisoma, anajua umeshapita huko.

Uwe mkweli kuhusu sehemu yako. Kama ulichora ramani tu na fundi mwingine akajenga, andika hivyo, maana mteja atakuja kuuliza. Na omba ruhusa ya mwenye kazi kwa meseji kabla hujapandisha. Ramani yenye milango yote ya nyumba ya mtu usiiweke hadharani.

La mwisho ni uzito. Picha ya kamera inaweza kufika MB 5, kumi ni MB 50, bando la mteja linaisha kabla hajasoma. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1600, kila moja kama KB 300, kumi zinakuwa MB 3. Kupima, zima waifai, fungua tovuti kwa simu ya bei ndogo. Ukisubiri hadi ukachoka, mteja wako alishaondoka zamani.