Kifaa cha Kufungiwa Kabatini: Barua ya Fundi Sanifu kwa Mkuu wa Idara

"Husika na kichwa cha habari hapo juu." Ndivyo zinavyoanza barua nyingi za maofisini, na maombi mengi ya vifaa vya maabara huishia kwa kusema kwamba kifaa "kinahitajika sana". Fundi sanifu wa maabara anayeomba kipimajoto rejea na mawe ya mizani ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu anaomba fedha za vitu ambavyo havitatumika kwenye kazi za kila siku. Vitafungiwa kabatini na kutolewa mara chache tu, ili kuhakiki vifaa vingine. Mkuu wa idara akiuliza, "Si tunavyo vipimajoto vinne?" barua iwe imeshamjibu.

Tuchukue mfano wa chuo kilichoko Mbeya, ambako maabara hupima maji ya visima. Katika mbinu mojawapo inayotumika sana kutafuta bakteria wa kinyesi, sampuli hukaa saa 24 kwenye joto la nyuzi 44.5 za Selsiasi, na halitakiwi kupanda wala kushuka zaidi ya nyuzi 0.2. Likizidi, baadhi ya bakteria hao hushindwa kukua, na maji machafu yakaonekana safi. Likipungua, bakteria wasiotoka kwenye kinyesi nao huota na kuhesabiwa.

Fundi sanifu anaweza kukikagua kipimajoto cha zamani hata kabla ya kupata fedha. Anaponda barafu iliyogandishwa kwa maji yaliyokenekwa, anaongeza maji kidogo ya aina hiyo hiyo, anakoroga, anatumbukiza kipimajoto na kusubiri kitulie. Kinapaswa kusoma 0. Tuseme kimesoma -0.8. Maana yake kinasoma chini ya joto halisi, na huenda maji yaliyosomeka 44.5 yalikuwa karibu na 45.3. Barua ianze na takwimu hiyo, pamoja na tarehe ya jaribio.

Lakini barafu huthibitisha sifuri tu. Kosa kwenye 44.5 linaweza kuwa tofauti. Maji yanayochemka nayo hayafai kuchukuliwa kuwa nyuzi 100, kwani kwa mwinuko wa Mbeya, wa takriban mita 1,700, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hapo ndipo kinapohitajika kipimajoto rejea: kipimajoto cha kidijitali chenye kihisi cha platini, pamoja na cheti cha ugezi kinachoonyesha kosa lake kwenye 0, 37 na 44.5. Kipimajoto hicho kikilinganishwa na vile vinne ndani ya maji yale yale, kila kimoja hupata masahihisho yake, na kazi za kila siku zinaendelea na vifaa vile vile vya zamani.

Kwenye mizani, kosa hujificha zaidi. Mizani ya kielektroniki hupima jinsi jiwe linavyovutwa na dunia, na mvutano huo hupungua kidogo nyanda za juu. Mizani iliyorekebishwa Dar es Salaam ikipelekwa Mbeya bila kurekebishwa upya, jiwe la gramu 200 litaonekana pungufu kwa miligramu 60 au zaidi. Dawa yake ni kubonyeza CAL na kuweka jiwe. Tatizo ni kwamba mizani huliamini jiwe lolote inalowekewa. Kama ni la zamani, limekwanguka au limeshikwashikwa kwa vidole, mizani hulichukua kosa la jiwe hilo na kuendelea kuonyesha tarakimu nne baada ya nukta.

Kwa mizani ya aina hiyo, fundi sanifu aombe mawe ya daraja la E2. Jiwe la gramu 200 la daraja hilo haliruhusiwi kukosea zaidi ya miligramu 0.3. Hana haja ya sanduku zima. Mawe matatu, la gramu 1, la 50 na la 200, yanatosha kukagua mizani chini, katikati na juu. Aombe pia kibano na glavu, kwa kuwa hata mafuta ya vidole yana uzito.

Ankara kifani iambatishwe, nayo itenganishe bei ya kifaa na gharama ya cheti, maana kifaa rejea kisicho na cheti hakina tofauti na vile vya zamani. Barua itaje pia kwamba ugezi utarudiwa, kwa mfano kwenye maabara ya ugezi ya TBS, ili gharama hiyo iingie kwenye bajeti za miaka ijayo.

Mwishoni, amsaidie mkuu wa idara kuamua endapo fedha zitatosha kitu kimoja tu. Kosa la mizani la sehemu chache za elfu halitaharibu mazoezi mengi ya wanafunzi, ila nyuzi 0.8 zinaweza kubatilisha majibu ya maji ambayo watu wanakunywa. Kipimajoto kitangulie, na upimaji wa bakteria usimame hadi kifike.