Mpango wa taa, sauti na maikrofoni ukumbini

Mpango wa taa, sauti na maikrofoni ukumbini ni kazi ya kuamua, kabla hafla haijaanza, kila msemaji au msanii atasimama wapi, atamulikwa na taa ipi, atatumia maikrofoni gani na spika zitaelekezwa wapi. Hufanywa na mwandalizi wa hafla akishirikiana na fundi mitambo. Mambo hayo hupangwa kwa pamoja kwa sababu mtu husogea mahali penye mwanga, na mahali aliposimama ndipo panapoamua kama maikrofoni yake itasikika vizuri au itapiga yowe.

Makala hii inatumia mfano wa mahafali ya kidato cha nne katika ukumbi wa shule wenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, wenye kuta za matofali, sakafu ya saruji na paa la bati. Ratiba ina hotuba ya mgeni rasmi, risala ya wahitimu na kwaya ya wanafunzi 20.

## Chanzo cha yowe

Yowe la spika, ambalo wengine huliita mluzi, hutokea pale sauti inapozunguka bila kukoma. Maikrofoni huchukua sauti na kuipeleka kwenye miksa, kisha kwenye amplifaya na spika. Sehemu ya sauti inayotoka kwenye spika hurudi hewani hadi kwenye maikrofoni ileile. Ikiwa sauti inayorudi ni dhaifu kuliko ile iliyoingia mwanzo, hufifia yenyewe. Ikiwa inarudi na nguvu ileile au zaidi, hukua kwa kila mzunguko hadi kuwa yowe. Katika fizikia hali hii huitwa pia athari ya Larsen, kwa jina la mwanafizikia wa Denmark Søren Absalon Larsen (1871–1957).

Yowe huanza kwa sauti moja tu, nyembamba au nene, kwa sababu ukumbi, spika na maikrofoni hazipitishi sauti zote kwa usawa. Ile inayopita kwa urahisi zaidi ndiyo inayotangulia kulia.

Kutokana na maelezo hayo, kuna njia tatu za msingi za kuzuia yowe: kuweka mdomo karibu na maikrofoni, kuweka maikrofoni mbali na sauti ya spika, na kupunguza idadi ya maikrofoni zilizo wazi kwa wakati mmoja. Kurekebisha vitufe vya miksa huja baada ya hizo, na hakuwezi kuponya kosa la mahali.

## Mahali pa spika na maikrofoni

Katika ukumbi wa mfano, spika mbili huwekwa juu ya stendi, moja kila upande, mbele ya ukingo wa jukwaa. Hupandishwa hadi sehemu yake ya juu iwe juu ya vichwa vya watu walioketi, kisha huelekezwa kwa wasikilizaji na si kwenye kuta za pembeni, kwa kuwa ukuta wa matofali hurudisha sauti jukwaani. Podiamu huwekwa angalau mita 2 nyuma ya mstari unaounganisha spika hizo. Fundi hubandika utepe sakafuni kuonyesha mpaka ambao maikrofoni iliyo wazi haipaswi kuuvuka.

Maikrofoni nyingi za mkononi ni za aina ya kadioidi, yaani husikia zaidi mbele na kidogo sana nyuma. Kama kuna spika ndogo ya jukwaani ya kumsaidia mwimbaji ajisikie, iwekwe mbele ya mwimbaji ikitazama mgongo wa maikrofoni. Sifa hiyo hupotea mtu anapofumbata kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, kwa sababu hewa ya nyuma ndiyo inayoisaidia kuchuja sauti. Kwa hiyo mshereheshaji anayeziba maikrofoni kwa mkono ili kunyamazisha yowe mara nyingi huliongeza.

Umbali wa mdomo una nguvu kubwa. Kila umbali huo unapopunguzwa kwa nusu, sauti ya msemaji inayofika kwenye maikrofoni huongezeka kwa takriban desibeli 6. Msoma risala anayesogea kutoka sentimita 40 hadi sentimita 10 amepunguza umbali kwa nusu mara mbili, hivyo amepata desibeli 12 bila fundi kugusa chochote. Asiposogea, fundi hulazimika kuongeza sauti kwa kiasi hicho, na yowe huanza. Ndiyo maana stendi ya podiamu inapaswa kushushwa au kupandishwa kwa kila msemaji, hasa mwanafunzi mfupi anapomfuata mgeni mrefu.

## Mahali pa taa

Taa za kumulika uso huwekwa mbili, kulia na kushoto mbele ya jukwaa, kila moja ikitoka upande kwa pembe ya nyuzi 45 hivi na kutoka juu kidogo. Taa moja ya mbele hufanya uso uonekane bapa na humpiga msemaji machoni asiweze kusoma karatasi yake. Dirisha lililo wazi nyuma ya jukwaa hufanya uso uwe mweusi, hivyo lifungwe kwa pazia.

Duara la mwanga lianguke nyuma ya utepe wa mpaka. Likianguka kwenye ukingo wa jukwaa, kwaya itasogea mbele kuufuata mwanga, maikrofoni zake zitafika mbele ya spika na yowe litaanza hata kama majaribio yalikwenda vizuri.

## Hesabu ya umeme

Tanzania hutumia umeme wa volti 230, na plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi isiyozidi ampia 13. Tuseme ukumbi wa mfano una taa nne za halojeni za wati 500 kila moja, na mitambo ya sauti inayotumia wati 1,200:

- Taa: 4 × 500 = wati 2,000
- Sauti: wati 1,200
- Jumla: wati 3,200
- Mkondo: 3,200 ÷ 230 = ampia 13.9

Mzigo huo wote ukipitishwa kwenye ekstensheni moja, umevuka kiwango cha fyuzi. Huenda fyuzi isikatike papo hapo. Plagi huweza kupata moto kwanza, kisha umeme huweza kukatika katikati ya hotuba. Taa nne za LED za wati 50 zingetumia wati 200 tu, na jumla ingekuwa wati 1,400, yaani ampia 6.1. Ekstensheni ya kukunja kwenye gurudumu ifunguliwe yote, kwa sababu waya uliokunjwa hushindwa kutoa joto.

Ni vizuri miksa na spika zipate umeme kutoka soketi moja na taa kutoka saketi nyingine. Vifaa vya kupunguza mwanga huweza kuleta mvumo kwenye spika. Taa zikizimwa na mvumo ukakoma, chanzo ni taa; waya za maikrofoni zitengwe na za umeme, na zikilazimika kukutana zipishane kwa umbo la msalaba. Kukata pini ya ethi ili kuondoa mvumo ni hatari, kwa kuwa pini hiyo humlinda mtu anayeshika maikrofoni asipigwe na umeme.

## Karatasi ya maikrofoni

Kila idadi ya maikrofoni zilizo wazi inapoongezeka mara mbili, fundi hupoteza takriban desibeli 3 za nafasi kabla ya yowe. Maikrofoni nne zikiachwa wazi badala ya moja, anapoteza desibeli 6. Mwandalizi humwandikia fundi karatasi inayofuata ratiba:

1. Mshereheshaji: maikrofoni ya 1, isiyo na waya.
2. Risala na hotuba: maikrofoni ya 2, kwenye podiamu.
3. Kwaya: maikrofoni za 3 na 4, kwenye stendi.

Fundi hufungua zile tu zinazotajwa katika kipengele kinachoendelea. Maikrofoni ya 1 hupewa betri mpya siku ya hafla, na ya 2 huwa akiba yake.

## Majaribio na fundi

Majaribio hufanyika kabla wageni hawajaingia, na taa zote zikiwa zimewashwa. Miksa huwashwa kwanza na amplifaya au spika zenye amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, utaratibu hugeuzwa. Hii huzuia kishindo kinachoweza kuharibu spika.

Kila maikrofoni hujaribiwa peke yake. Mtu husoma sentensi kwa sauti atakayoitumia kweli. Kupuliza au kugonga maikrofoni hakumwonyeshi fundi kiwango cha sauti ya msemaji. Fundi hurekebisha geini hadi neno la sauti ya juu lisiwashe taa nyekundu ya miksa. Mwandalizi hutembea hadi safu ya mwisho na pembeni kusikiliza kama maneno yanaeleweka, kwani sauti kubwa inaweza kusikika bila kueleweka.

Kisha hutafutwa mpaka wa yowe. Fundi hupandisha maikrofoni ya podiamu polepole hadi isikike dalili ya kwanza, ambayo ni neno kubaki na mkia wa mlio mwembamba baada ya kusemwa. Hapo hushusha desibeli 6 na kuweka alama kwa utepe. Akiwa na ekwalaiza ya vidhibiti 31, anaweza kutambua mlio ulioanza na kuushusha kwa desibeli 3 hivi. Kushusha vidhibiti vingi huifanya sauti iwe kama inatoka kwenye debe, na ni ishara kwamba spika au maikrofoni ihamishwe.

Mwisho, mtu hushika maikrofoni ya 1 na kutembea kila mahali atakapopita mshereheshaji. Sehemu yoyote inayoleta mlio huwekewa alama ya kutopita.

## Wakati wa hafla

Miili na nguo za watu hunyonya sauti, hivyo mwangwi wa ukumbi uliojaa ni mdogo kuliko wa majaribio. Lakini minong'ono na viti huongeza kelele, na fundi huweza kuhitaji kupandisha sauti kidogo. Desibeli 6 zilizoachwa ni kwa ajili hiyo.

Yowe likitokea, fundi hushusha maikrofoni iliyofunguliwa au kusogezwa punde, si mitambo yote. Msemaji hurudi nyuma ya utepe na kusogeza mdomo karibu. Mwandalizi na fundi hukubaliana ishara za mkono mapema, kwa mfano kiganja juu kwa kuongeza na kiganja chini kwa kupunguza, na fundi huketi ndani ya ukumbi ili asikie wanachosikia wageni.

Mpango huu una mpaka wake. Mvua kubwa ikinyesha juu ya paa la bati, kelele yake hujaza ukumbi mzima, na kupandisha sauti ili kuishinda huishia kwenye yowe kabla maneno hayajaeleweka. Katika hali hiyo hotuba husitishwa hadi mvua ipungue, na kipengele kisichotegemea maneno, kama ngoma, huletwa mbele katika ratiba.