Sofa Hii Hasa, Si Inayofanana Nayo

Mteja yuko Mwanza, sofa iko Keko, Dar es Salaam. Tuseme mteja huyo ametuma picha ya sebule yake, yenye sofa kuukuu ya kahawia, akitaka kuona ile aliyoipenda itakaaje pale kabla hajatoa malipo ya awali. Sofa yenyewe imeshakamilika. Ni ya watu watatu, ina urefu wa sentimita 220, imevalishwa velveti ya kijani kilichokoza, mgongoni ina vifungo 12 katika safu mbili, na miguu yake minne ya mninga imechongwa ikapinda kidogo kuelekea nje.

Muuzaji anafungua programu ya picha yenye akili mnemba, anapaka eneo la sofa ya zamani na kuandika: sofa ya kijani ya velveti, ya watu watatu, yenye vifungo. Baada ya sekunde chache sofa ya kijani imekaa sebuleni, inapendeza. Lakini vifungo vimekuwa 15, miguu ni ya chuma, na mikono imenenepa. Hiyo sofa haipo Keko wala popote duniani.

Kuongeza maneno hakutasaidia sana. Maneno hutaja aina ya kitu, na programu huchora chochote kinachoingia katika aina hiyo. Ndipo inapohitajika picha ya pili, yaani picha ya sofa yenyewe, ambayo programu itaitazama wakati inachora. Photoshop iliweka nafasi ya picha hiyo, kwa jina la Reference Image, katika toleo lake la majaribio la Aprili 2024. Zana nyingine, kama FLUX.1 Kontext na ile ya picha ya Gemini, zote za mwaka 2025, hukuruhusu kupakia picha zako na kueleza kwa maneno ya kawaida unachotaka kifanyike.

Hata hivyo, wengi hushangaa kwamba wameipa programu picha ya sofa na bado imetoka ndugu yake. Sababu iko katika namna picha hiyo inavyosomwa. Mifumo ya mwanzo ilitumia kisomaji kiitwacho CLIP, kilichotolewa na OpenAI mwaka 2021. Katika matoleo yaliyotumika zaidi, kisomaji hicho huipunguza kwanza picha hadi pikseli 224 kwa 224, ambazo ni kama pikseli 50,000 tu, wakati simu ya kawaida hupiga picha yenye milioni 12. Baada ya hapo huifupisha kuwa orodha ya namba zinazobeba maana yake kwa jumla: sofa, kijani, laini, ya kifahari. Idadi ya vifungo hupotea humo. Watafiti waliotoa mfumo wa Paint by Example mwishoni mwa 2022 waliifinya picha hivyo kwa makusudi, maana bila kufanya hivyo mfumo wao ulikuwa unanakili tu kitu na kukibandika bila kukilinganisha na mahali kinapowekwa. Mwaka uliofuata AnyDoor ilijaribu kurudisha kilichopotea. Ilitumia kisomaji kingine na kuongeza ramani ya mistari na kingo za kitu, ili nakshi na maandishi yasiyeyuke. Zana za leo husoma picha vipande vipande na kwa undani zaidi, lakini bado zinachora upya, na penye ukungu hubuni.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kwa mpiga picha. Sofa nyingi dukani hufunikwa nailoni zisiingie vumbi. Ukiipiga hivyo, programu itadhani mng'ao wa nailoni ni sehemu ya kitambaa na itaupeleka sebuleni. Iondoe. Sogeza viti vya jirani, kisha kata picha ili sofa ijaze fremu, kwa kuwa kila sehemu inayoliwa na ukuta wa karakana ni undani unaopungua kwenye sofa. Halafu itazame tena picha ya mteja. Alisimama upande gani, na dirisha lake liko wapi? Kama alipiga kutoka kushoto kwa kimo cha kifua, nawe simama kushoto kwa kimo hichohicho, na ikiwezekana mwanga uangukie sofa kutoka upande uleule. Picha ya mbele peke yake ikitumika kwenye sebule iliyopigwa kwa pembeni, programu italazimika kubuni ubavu ambao haijauona.

Linalofuata ni eneo la kupaka, na hapa ndipo nimeona kazi nzuri nyingi zikiharibika. Mtu hufuata ukingo wa sofa ya zamani kwa uangalifu mkubwa, kisha anashangaa sofa mpya imekuwa fupi na nene. Programu imejazia umbo iliyopewa. Sofa ya kahawia ilikuwa ya chini, isiyo na miguu. Ya kijani ina mgongo mrefu na imeinuka kutoka sakafuni. Basi paka mstatili unaopanda ukutani kidogo na kushuka sakafuni kiasi cha kuacha nafasi ya kivuli. Usipake hadi kwenye pazia, maana nalo litachorwa upya.

Kwenye zana za maagizo huhitaji kupaka. Maneno machache yanatosha: "Ondoa sofa iliyo kwenye picha ya kwanza na uweke ile ya picha ya pili. Usibadilishe chumba, pembe wala mwanga." Usianze kueleza velveti na vifungo tena, kwa kuwa maelezo yakitofautiana hata kidogo na picha, huwezi kujua programu itafuata kipi.

Matokeo yakitoka, yakuze na uhesabu. Vifungo ni 12? Miguu inapinda kuelekea nje? Mishono ya mito iko palepale? Rangi uilinganishe na kitambaa chenyewe mkononi, kwa sababu taa ya manjano ya sebuleni hugeuza kijani, na hilo ni sahihi mradi kuta nazo zina umanjano huohuo.

Vipimo ndivyo vinavyodanganya kimyakimya. Programu haijui sentimita 220. Hutosheza sofa ndani ya nafasi iliyopo. Tumia marumaru za sakafu. Kama ni za sentimita 40, kwenye mstari ule miguu ya mbele inapogusa sakafu, sofa iliyopigwa kwa mbele inapaswa kufunika marumaru tano na nusu. Ikifunika nne tu, mteja ataagiza mzigo usioenea ukutani kwake.

Kuna vitu ambavyo picha ya pili haiviwezi vizuri hadi leo: maandishi madogo, nakshi za kujirudia, michongo ya mbao yenye maua. Ukirudia mara kadhaa na ua linabadilika kila mara, acha kurudia. Ikate sofa halisi kutoka kwenye picha yake, ibandike sebuleni kwa ukubwa uliopima, kisha akili mnemba ifanye kivuli na ulinganisho wa mwanga tu. Photoshop iliongeza kazi hiyo mwaka 2025 kwa jina la Harmonize. Njia hii inadai zaidi pembe za picha mbili zilingane, kwa kuwa sofa iliyobandikwa haizunguki. Nami naipendelea kila panapokuwa na pesa ya mtu mezani, kwa sababu vifungo anavyoviona mteja vimetoka kwenye kamera. Hata hivyo kagua kingo baada ya ulinganisho, kisha mtumie mteja picha zote mbili, ya sebule na ile ya sofa ikiwa karakana, ili naye ahesabu mwenyewe.