Fahamu: Mvua ya Idodi na kipimamvua cha shule
Idodi, iliyo upande wa Iringa unaoelekea Hifadhi ya Ruaha, hupata mvua chache kuliko Mufindi, kwa kuwa upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupandishwa na miinuko ya mashariki, ukapoa na kuangusha huko mvua ya milima. Idodi hutegemea zaidi mvua ya joto, ambapo hewa iliyopashwa na ardhi hupanda, kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, hushuka, na mawingu ya radi hujengeka alasiri. Mvua hiyo hulowesha shamba moja ikaruka jingine, hivyo kipimamvua cha shule, kinachosomwa kila siku saa 3 asubuhi, huonyesha tu kilichonyesha hapo: mdomo wa sentimita za mraba 100 ukikusanya mililita 250, huandikwa milimita 25.