Kabla ya Mchango, Tafuteni Mwenye Sahihi

Mtu wa Section 58 hapa Nakuru akifariki Marekani, jamaa hufungua kundi la WhatsApp, wakachagua mweka hazina na kutangaza nambari ya kuchangia. Nia ni njema, ila wameanzia katikati. Safari ya mwili inategemea kwanza sahihi ya mtu mmoja, na mtu huyo hachaguliwi na kamati. Katika majimbo mengi ya Marekani, haki ya kuamua juu ya mwili ni ya yule ambaye marehemu alimteua kwa maandishi. Kama hakumteua yeyote, ni ya mume au mke, kisha watoto wazima, wazazi, halafu ndugu. Bila idhini ya mwenye haki, kampuni ya mazishi haiwezi kuusafirisha mwili.

Tuseme marehemu aliishi Massachusetts, alitengana na mkewe bila kupata talaka, kaka yake yuko Minnesota, dada yuko Doha na mama yuko Nakuru. Hata kaka akikusanya pesa zote, mke asipotia sahihi mwili utakaa makafani na gharama ya kuuhifadhi itazidi kupanda. Kama hakukuwa na mke wala watoto, haki inamfikia mama. Yeye anaweza kula kiapo mbele ya wakili hapa Nakuru, akamwidhinisha kaka, na hati hiyo ikatumwa kwa kampuni ya mazishi.

Wazee watasema mwili ni wa ukoo. Ni kweli kwamba mwaka 1987 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliupa ukoo wa Umira Kager mwili wa S.M. Otieno, mkewe akashindwa. Lakini uamuzi huo hauna nguvu Boston, na hata hapa nyumbani ulichelewa: Otieno alifariki Desemba 1986, akazikwa Mei 1987. Kuzungumza na mke mapema, hata kama mliachana vibaya, ni nafuu kuliko kesi.

Wengine watauliza, je, mtu ambaye hatumwamini ashike pesa? Hapana haja. Anayetia sahihi mkataba wa mazishi kwa kawaida ndiye anayebeba deni, kwa hiyo mchango ulipwe moja kwa moja kwa kampuni hiyo, kwa ankara inayoonekana na wote. Pesa za kutoa jeneza sehemu ya mizigo ya uwanja wa Jomo Kenyatta na za gari la kulifikisha Nakuru ziwekwe kando.

Kampuni hiyo ndiyo itakayoandaa cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhi mwili kwa dawa na barua kwamba hakuna ugonjwa wa kuambukiza, kisha hati hizo ziende ubalozini pamoja na pasipoti ya marehemu. Linganisheni jina la cheti cha kifo na la pasipoti herufi kwa herufi kabla cheti hicho hakijachapishwa, kwa sababu kukisahihisha baadaye kunaweza kuchukua muda mrefu. Jina la atakayepokea mwili Nairobi nalo lifanane na kitambulisho chake. Na msitangaze tarehe ya mazishi kabla ya kupata nambari ya hati ya mzigo wa ndege.