Msafara Ukipita: Ni Lini Lazima Usimame, na Faini Inakuja Vipi

Tarehe 24 hadi 26 Julai 2015, Rais Barack Obama alipozuru Nairobi, madereva wa jiji walijua mapema kwamba barabara kadhaa kubwa zingefungwa. Polisi walikuwa wametangaza, magazeti yakachapisha, na wengi wakaacha magari nyumbani. Kwa dereva, msafara wa aina hiyo hauna utata: barabara imefungwa, askari yuko kwenye kizuizi, nawe unatafuta njia nyingine au unasubiri.

Shida iko kwenye misafara ya kila wiki isiyotangazwa. Uko barabarani, ghafla king'ora kinalia nyuma, taa zinamulika kwenye kioo, mtu ametoa mkono dirishani anakupungia utoke. Una sekunde chache za kuamua. Madereva wengi hukata shauri kwa kutazama ukubwa wa gari na bendera iliyo mbele yake. Sheria ya Kenya haianzii hapo. Swali lake la kwanza ni nani aliyekuamuru, na alikuamuru kwa namna gani.

Msingi wa jambo hili ni kifungu cha 52 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Kinamtaka dereva atii maelekezo ya afisa wa polisi aliyevaa sare na aliye kazini, yawe ya mdomo au ya ishara. Tazama masharti yaliyomo: awe polisi, awe na sare, awe anatekeleza wajibu wake, na awe ametoa maelekezo. Yote yakikamilika, unatii papo hapo, hata kama taa ya barabarani ni ya kijani na huoni sababu ya kusimama. Cheo cha aliyeketi ndani ya gari linalopita hakiongezi wala hakipunguzi kitu. Askari akisimamisha magari ili kupisha msafara wa Rais, wa gavana au gari la wagonjwa, wajibu wako ni uleule.

Ndiyo maana mlinzi wa kiraia aliyevaa suti, anayepunga mkono kutoka kwenye gari la kusindikiza, hana nguvu ya kifungu hicho. Sisemi umzibie njia. Gari linalokuja kwa kasi ni hatari hata kama dereva wake hana haki, na kupisha ni jambo la busara. Ila baadaye mtu akisema umevunja sheria kwa kutomtii yule wa dirishani, shtaka hilo litakosa nguzo yake ya kwanza, yaani afisa wa polisi mwenye sare.

Na king'ora chenyewe je? Hapa unaingia Mkataba wa Vienna wa Usalama Barabarani wa mwaka 1968, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2009. Ibara ya 2(6) ya Katiba inasema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za nchi. Ibara ya 34 ya mkataba huo inamtaka kila mtumiaji wa barabara aliyetahadharishwa na gari lenye kipaumbele, kwa taa zake maalumu na king'ora, aliachie nafasi ya kupita, na ikibidi asimame. Neno "ikibidi" lina uzito. Kwenye barabara yenye njia mbili kila upande, kusogea kushoto na kupunguza mwendo mara nyingi kunatosha. Kwenye barabara nyembamba yenye magari yanayokuja mbele, hapo kusimama ndiko kunakohitajika. Anayefunga breki ghafla katikati ya njia kwa sababu amesikia king'ora hajapisha. Amekuwa kizuizi kipya.

Ibara hiyohiyo inawafunga pia walio kwenye msafara. Sheria ya nchi inaweza kumruhusu dereva wa gari la kipaumbele kuacha kanuni za kawaida za barabara akiwa ametoa tahadhari na kwa sharti kwamba hahatarishi watumiaji wengine. Tena hana ruhusa ya kumpuuza askari anayeongoza magari. Kwa hiyo msafara ukipita upande usio wake na kumgonga mtu, kusema "tulikuwa na king'ora" hakutoshi kuwa utetezi.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata madereva waangalifu, nao ni taa nyekundu. Umesimama kwenye taa, msafara unapiga king'ora nyuma yako, na nafasi pekee iko mbele ndani ya makutano. Mkataba unasema maelekezo ya afisa anayeongoza magari yanazishinda taa, alama na kanuni. Kwa hiyo askari akikuashiria upite kwenye nyekundu, pita, umelindwa. Sauti ya king'ora peke yake haikupi kinga hiyo. Ukiingia kwenye makutano ukagongwa na gari lenye taa ya kijani, utabaki ukijieleza mwenyewe. Kaa pale pale, sogea pembeni kadiri nafasi inavyoruhusu bila kuvuka mstari wa kusimamia, umwache askari au dereva wa mbele wa msafara atafute upenyo. Vilevile usipande njia ya watembea kwa miguu. Kuendesha gari juu yake ni kosa linalojitegemea, na pale kuna watu.

Tuchukue mfano tuufuate hatua kwa hatua. Msafara unatoka katikati ya Nairobi kuelekea Uwanja wa Ndege wa Wilson kupitia Barabara ya Langata. Dereva wetu anakuja kwa Barabara ya Mbagathi, anafika makutano. Askari wa trafiki mwenye sare anainua mkono wima kumwelekea. Anasimama. Pikipiki mbili zinapita, kisha magari manne meusi, halafu kimya. Sekunde kumi zinapita bila gari. Matatu nyuma inapiga honi, abiria wanapiga kelele, naye dereva wetu anaondoa mguu kwenye breki. Amekwisha kuingia makutano ndipo gari la mwisho la msafara linapotokea kwa kasi na kulazimika kumkwepa. Askari anamwamuru asogee pembeni, anaomba leseni.

Kosa lake ni lipi? Mkono ulioinuliwa ulikuwa amri ya kusimama, na amri hiyo haikwishi kwa sababu magari yameacha kupita. Inakwisha askari anapoashiria "endeleeni". Misafara mara nyingi huenda kwa makundi, gari la nyuma likiachwa mbali kidogo, hivyo pengo katikati si ishara ya kwamba msafara umekwisha. Honi ya matatu haina nguvu yoyote mbele ya mkono wa askari. Hapa shtaka la kutotii maelekezo lina msingi.

Sasa badilisha jambo moja. Tuseme askari alipoinua mkono, dereva wetu alikuwa tayari ndani ya makutano. Ibara ya 6 ya mkataba inasema mkono ulioinuliwa kwenye makutano haumlazimishi kusimama aliyekwisha kuingia, wala hauwalazimishi walio karibu mno kiasi kwamba hawawezi kusimama kwa usalama. Huyo anatakiwa amalize kuvuka. Akisimama katikati kwa hofu, ndipo anapouzuia msafara na wengine wote. Akishtakiwa, utetezi wake umo ndani ya kanuni ileile inayompa askari mamlaka, nao utategemea anavyoweza kuonyesha gari lake lilikuwa wapi mkono ulipoinuka.

Je, dereva asiyetii anaweza kuadhibiwa baadaye? Ndiyo, na kwa njia zaidi ya moja. Kanuni za Trafiki za Makosa Madogo za mwaka 2016 ziliweka faini maalumu: shilingi 3,000 kwa kutotii maelekezo ya afisa mwenye sare, 5,000 kwa kutosimama ulipotakiwa na afisa mwenye sare, na 5,000 kwa kuendesha gari kwenye njia ya watembea kwa miguu. Afisa hukupa hati inayotaja kosa na faini. Ukilipa, umekubali kosa. Ukilikataa, unakwenda mahakamani kujitetea, na Ibara ya 50 ya Katiba inakuhesabu huna hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Fedha taslimu zinazopokewa kandokando ya barabara bila hati wala risiti haziko kwenye kanuni hizo.

Jambo huwa zito zaidi polisi wakiona uendeshaji wako ulikuwa wa hatari au wa kutojali, kwa mfano ukijichomeka katikati ya msafara, au ukiufuata mkia ili ufaidi barabara iliyofunguliwa. Wapo wanaodhani kuufuata msafara ni ujanja usio na gharama. Walinzi wa msafara wanaliona gari lisilo lao likiwa karibu na kwa kasi ileile, na wanachofikiria kwanza ni usalama wa kiongozi. Kwa mashtaka ya uendeshaji wa hatari adhabu zinapanda, na leseni yenyewe inaweza kuguswa. Lakini kwa mashtaka ya aina hiyo sheria inadai uwe umeonywa papo hapo, au upelekewe samansi au taarifa ya maandishi ndani ya muda uliowekwa. Ukikamatwa, Ibara ya 49 ya Katiba inataka uelezwe sababu mara moja, na ufikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, kwa kawaida bila kupita saa 24.

Ukipewa hati, anza kwa kusoma kifungu kilichoandikwa. Kutotii maelekezo, kutosimama na kuendesha kwa hatari ni makosa matatu tofauti, na kila moja lina mambo yake ya kuthibitishwa. Kisha jiulize: aliyeniamuru alikuwa na sare? Ishara yake ilikuwa ipi, na niliweza kuiona? Nilikuwa wapi ilipotolewa, na ningeweza kusimama salama? Andika majibu siku hiyohiyo, pamoja na saa, jina la makutano, namba ya afisa ikiwa uliiona, na namba ya simu ya abiria aliyekuwepo. Kama gari lina kamera ya dashibodi, hifadhi picha kabla hazijafutwa na mpya. Na kama aliyekosea ni afisa, kwa matusi, kipigo au madai ya fedha, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, hupokea malalamiko ya raia.

Dereva anayemtazama askari badala ya bendera hupata faida mbili. Anajua wakati wa kusimama bila kubishana, na akishtakiwa kwa amri ambayo hakupewa na mtu mwenye mamlaka, anajua la kusema mbele ya hakimu.