Je, wajua? Uzi wa kahawia ndio unaoichelewesha video yako

Video ya harusi ikisuasua kuhama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, wahariri wengi wa studio za Mchafukoge hulaumu bando. Inaniudhi, kwa sababu folda ya pamoja haili bando hata kidogo. Zima intaneti na faili litaendelea kwenda, maana safari yake inaanza na kuishia ndani ya nyumba.

Mara nyingi mkosaji ni waya wa mtandao. Ndani yake mna nyuzi nane zilizosokotwa jozi nne. Mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu, kwa kawaida ya chungwa na ya kijani. Megabiti 1000 hudai zote nne. Uzi mmoja wa kahawia au wa buluu ukikatika, au usipobanwa vizuri kwenye kichwa cha plastiki, kadi nyingi hazikati mawasiliano. Hushuka kimyakimya hadi 100. Taa inawaka, folda inafunguka, mwenye kompyuta hashuku kitu.

Kinachomuumbua mkosaji huyo ni namba. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo megabiti 100 ni megabaiti 12.5, na ukitoa anwani zinazoambatana na kila pakiti, hubaki kama 11. Ukiona kunakili kumeganda kwenye 11 MB/s, bila kupanda wala kushuka, umempata. Harusi ya gigabaiti 60 itachukua saa moja na nusu. Waya ukiwa mzima na diski za pande zote mbili zikiwa na kasi, ni dakika kama kumi.

Kwenye Windows, fungua mipangilio ya Ethernet usome `Link speed`. Ikiwa ni `100/100 (Mbps)`, badili waya kwanza. Isipopanda, tazama rauta. Nyingi za bei nafuu matundu yake yanaishia 100. Hapo unganisha kompyuta mbili moja kwa moja kwa waya mmoja.

Kwenye Linux, umeme ukikatika katikati ya kunakili, `scp` itaanza upya. Lakini `rsync` huendeleza pale ilipoishia ukirudia amri ileile:

```
rsync -avP --inplace harusi.mp4 studio@192.168.1.20:video/
```

Inasikitisha kuona mtu ananunua diski mpya, au anaitelekeza kompyuta nzima akidai imechoka, wakati dawa ilikuwa kichwa cha waya. Taka za namna hiyo tunazo za kutosha. Njia hiyohiyo ya kunakili kwa waya itakuhudumia kwa nakala za akiba, picha za kamera, filamu za sebuleni, hata kuhamia kompyuta mpya.

Fundi wa Kariakoo akikubania waya, usimlipe kabla hajauchomeka kwenye kipimo chake na taa zote nane zikawaka kwa mpangilio.